Gugumaji: kung'oa kwa mikono, kuvuna kwa mashine, kufuga fukusi au kupuliza dawa?

Mara nyingi mjadala wa gugumaji huanzia kwenye swali la njia ipi inaua vizuri zaidi. Zote nne zinaua. Kinachoamua ni mambo mawili mengine: kwa siku moja unaondoa kiasi gani ukilinganisha na kile ambacho gugu linaongeza siku hiyo hiyo, na je, ukishamaliza, ni kitu gani kinabaki majini? Ukiwa na majibu ya hayo mawili kwa ghuba yako au bwawa lako, uchaguzi unakuwa mwepesi zaidi kuliko unavyodhaniwa.

Tuanze na kasi. Mmea huu asili yake ni bonde la mto Amazoni, Amerika ya Kusini. Unazaliana kwa njia mbili. Ya kwanza ni vikonyo: mmea mama hutoa kikonyo kando, na nchani mwake huota mmea mwingine, ambao nao baada ya siku chache huanza kutoa vikonyo vyake. Kwenye maji ya joto yenye rutuba nyingi, eneo lililofunikwa huongezeka maradufu ndani ya wiki moja hadi mbili. Tuchukue wiki mbili, tusije tukaambiwa tumetia chumvi. Mimea 10 baada ya wiki 16 ni mimea 2,560. Baada ya wiki 32 ni 655,360, kama nafasi na rutuba vipo. Ndiyo maana ghuba huonekana safi kwa miezi kadhaa, halafu ghafla watu wanasema gugu limetokea usiku mmoja. Halikutokea usiku mmoja. Lilikuwa pale kwenye mafunjo tangu mwanzo, likijizidisha polepole machoni pa watu ambao hawakuwa na sababu ya kuhesabu.

Njia ya pili ni mbegu. Mmea mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu, nazo huzama kwenye tope na kukaa hai kwa miaka mingi, hata takriban 20. Maji yakishuka na tope la kandokando likapata mwanga, kisha maji yakapanda tena, mbegu huota. Hakuna hata moja kati ya njia nne nitakazozilinganisha inayoua mbegu zilizo kwenye tope. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia mpango wa "kumaliza kabisa" ndani ya msimu mmoja, mwulize kuhusu tope.

Juu ya madhara, nitasema machache tu kwa kuwa yanagusa uchaguzi. Tabaka zito la gugumaji huzuia mwanga, na mimea midogo ya majini inayotoa oksijeni hufa. Mizizi na majani yanayooza chini hutumia oksijeni iliyobaki. Sato na sangara huondoka au hufa, lakini kambale na kamongo, ambao huweza kuvuta hewa ya juu, hustahimili. Mvuvi anayeona nyavu zake zinaleta kambale na kamongo zaidi kuliko kawaida ana kipimo kizuri cha hali ya oksijeni bila kifaa chochote. Ongeza hapo konokono wa kichocho wanaojishikiza kwenye mizizi, nyoka, mitumbwi isiyoweza kutoka mwaloni, na mabomba ya maji ya mji na mitambo ya umeme inayoziba.

Hesabu ya kung'oa kwa mikono

Kuongezeka maradufu kwa wiki mbili ni sawa na ongezeko la karibu asilimia 5 kila siku. Sasa chukua gugu lililofunika hekta moja, yaani mraba wa mita 100 kwa 100. Tabaka zito lina takriban tani 300 za gugu bichi kwa hekta, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Asilimia 5 ya hizo ni tani 15 kwa siku. Tuseme mtu mmoja mwenye uma na toroli, akifanya kazi kwa zamu nzima, anaweza kutoa tani moja na kuifikisha nchi kavu. Basi watu 15 wanafanya kazi kutwa ili gugu libaki pale pale lilipokuwa asubuhi.

Watu 20 wangelimaliza, lakini kwa siku 28 hivi. Watu 30 wangelimaliza kwa siku 14. Watu 60 wangelimaliza kwa siku 6 tu. Ukizidisha watu kwa siku, unapata kazi ya siku 560 kwa kikosi cha watu 20, siku 420 kwa kikosi cha 30, na takriban 350 kwa kikosi cha 60. Kikosi kikubwa kinatumia nguvu kidogo kwa jumla, kwa sababu hakilipi gugu muda wa kukua. Hili linapingana na desturi ya miradi mingi, ambayo huajiri kikundi kidogo cha kudumu ili fedha zidumu mwaka mzima. Fedha zinadumu, na gugu nalo linadumu.

Sasa rudisha saa nyuma, wakati gugu lilipokuwa sehemu moja ya kumi tu ya hapo, yaani mita za mraba 1,000. Hizo ni tani 30, zinazoongezeka tani moja na nusu kwa siku. Watu 6 wanamaliza kwa siku 6. Kazi ya siku 36 badala ya 350 au 560. Katika ulinganisho wote huu sijaona tofauti kubwa kuliko hiyo, na haihusu aina ya silaha kabisa.

Nikubali kwamba hesabu hii ni kali upande mmoja: gugu likishabanana bila nafasi ya kutanuka, kasi yake hupungua. Lakini ukianza kulitoa unalifungulia nafasi, na pembezoni mwa tabaka ndiko ukuaji ulipo wa kasi. Kwa hiyo anzeni upande wa maji wazi mkielekea ufukweni, si kinyume chake.

Mambo matatu huharibu kazi ya mikono. La kwanza ni kulirundika gugu pale pale ukingoni, ambapo mvua kubwa ya kwanza hulirudisha. Lipelekwe juu ya kiwango cha mafuriko. La pili ni vipande: kipande chenye kichwa cha mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, kinaota upya, hivyo mabaki madogo yanayoelea yaopolewe kwa chandarua kabla ya siku kwisha. La tatu ni upepo. Ghuba iliyosafishwa Ijumaa inaweza kujaa Jumamosi kwa gugu la jirani. Kamba yenye maboya na wavu, ikifungwa kukatiza mdomo wa ghuba, husaidia sana pale ghuba ni nyembamba. Kwenye mwalo ulio wazi kwa mawimbi hukatika. Na watu wanaoingia majini wawe na mabuti marefu, kwa ajili ya kichocho na nyoka.

Mashine

Kuna mashine za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza huvuna: ni chombo chenye mkanda unaolinyanyua gugu na kulipakia, kisha kinakwenda ufukweni kulishusha. Ya pili hukatakata gugu na kuliacha majini lizame.

Inayovuna ina faida moja ambayo hata mikono inayo: naitrojeni na fosforasi zilizo ndani ya gugu zinatoka ziwani pamoja nalo. Udhaifu wake ni safari. Chombo hutumia sehemu kubwa ya muda kwenda na kurudi na mzigo ambao ni maji karibu wote, na kadiri gugu lilivyo mbali na mahali pa kushushia, ndivyo tani kwa siku zinavyopungua. Kabla ya kuamini uwezo ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, uliza uwezo huo umepimwa kwa umbali gani.

Inayokatakata ni ya haraka, na maji huonekana wazi siku hiyo hiyo. Lakini tani 300 za kila hekta hazijaenda popote. Zimezama, zinaoza, zinavuta oksijeni na kurudisha rutuba ile ile itakayolisha gugu la msimu ujao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashine za namna hii zilitumika karibu na Kisumu, chini ya mradi wa usimamizi wa mazingira ya Ziwa Victoria, na lawama zilizofuata zilihusu jambo hilo.

Mahali pa mashine ni pale panapohitaji njia wazi leo, bila kusubiri: gati la meli, kivuko, mdomo wa bomba la maji, mlango wa mitambo ya umeme. Uganda ilizitumia kwa sababu hiyo kwenye bandari ya Port Bell na kwenye bwawa la Jinja. Kama mpango wa kusafisha ziwa zima, hapana.

Fukusi

Hii ndiyo njia inayodharauliwa zaidi na ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi Ziwa Victoria. Wadudu wenyewe ni fukusi wa aina mbili wa jamii ya Neochetina, wadogo wa milimita 4 hadi 5, walioletwa kutoka kule kule gugu lilikotoka. Walijaribiwa kwa mimea mingi kabla ya kuachiwa, na hawafanyi makazi kwenye mazao. Mkubwa hula ngozi ya juu ya jani na kuacha makovu madogo meupe ya pembe nne. Kazi ya maana zaidi hufanywa na kiluwiluwi, anayechimba ndani ya shina la jani kuelekea kichwa cha mmea. Maji na vijidudu vya kuoza huingia kwenye matundu hayo, mmea hupoteza uwezo wa kuelea, na hatimaye huzama.

Kizazi kimoja huchukua takriban miezi mitatu. Linganisha na gugu linalojizidisha kila wiki mbili na utaona kwa nini miaka miwili ya kwanza watu husema wadudu wameshindwa. Mabadiliko hutegemewa kati ya mwaka wa pili na wa tano. Usisubiri kwa macho tu, hesabu. Chukua mimea 20 kutoka sehemu mbalimbali, tafuta fukusi kwenye majani machanga yaliyojikunja na katikati ya kichwa, kisha gawanya idadi kwa mimea. Wastani ukifika fukusi watano au zaidi kwa mmea, gugu limeanza kuzidiwa. Dalili nyingine ni mimea inayozidi kuwa mifupi, maua yanayopungua, na mashina ya majani ambayo ukiyapasua yana vijia vyeusi.

Kueneza fukusi hakuhitaji maabara. Ukishapata walioidhinishwa kutoka kituo cha utafiti, unawazalisha kwenye matangi ya maji yenye gugu safi, halafu unapeleka mimea yenye wadudu, ikiwa na mayai na viluwiluwi ndani yake, na kuiingiza katikati ya tabaka. Vikundi vya wavuvi kuzunguka Ziwa Victoria vimefanya hivyo.

Kinachowakwamisha ni vitu viwili. Maji yenye maji taka na mbolea nyingi huliwezesha gugu kuotesha majani upesi kuliko yanavyoliwa. Na kiluwiluwi hugeuka bundo, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mdudu mkubwa, kwenye mizizi ya mmea ulio hai, hivyo kila tabaka linalong'olewa, kukatwakatwa au kupuliziwa dawa linakufa na fukusi wake. Hapo ndipo njia hizi nne huacha kuwa orodha ya kuchagua na kuanza kuhujumiana. Mwalo mmoja ukifuga fukusi na jirani akapuliza dawa kwenye tabaka hilo hilo, wote wawili wamepoteza.

Dawa

Glaifosati na 2,4-D ndizo zinazotajwa zaidi. Zote mbili hufyonzwa na kusafiri ndani ya mmea, na gugu hukauka na kuanza kuzama ndani ya wiki chache. Kwa bwawa dogo lililofungwa, lisilotoa maji ya kunywa na lisilo na samaki wa kufugwa, ni njia ya haraka na yenye kazi nyepesi kuliko zote.

Kosa linaloua samaki kwa kawaida si dawa yenyewe bali ni kupuliza bwawa zima kwa siku moja. Gugu lote huzama pamoja, huoza pamoja, na oksijeni huisha. Unapuliza theluthi moja kwa vipande virefu vinavyoacha njia za maji katikati, unasubiri wiki mbili au zaidi gugu lioze, halafu unaendelea. Lingine ni kutumia glaifosati iliyotengenezwa kwa mashamba: baadhi ya sabuni zinazochanganywa humo ili dawa ishike jani ni sumu kwa vyura na samaki, kwa hiyo lazima iwe ile iliyosajiliwa kutumika majini. Na 2,4-D ikipeperushwa na upepo huharibu nyanya na pamba zilizo jirani.

Kwenye ziwa ambalo watu huchota maji ufukweni na samaki wake huuzwa nje ya nchi, mimi singeigusa. Hata kama kipimo ni sahihi, huwezi kumdhibiti anayechota maji mita 50 kutoka ulipopuliza.

| | Mikono | Mashine | Fukusi | Dawa |
|---|---|---|---|---|
| Matokeo | siku | siku | miaka 2 hadi 5 | wiki chache |
| Eneo linalofaa | chini ya hekta 1 | gati, kivuko, mdomo wa bomba | ghuba kubwa, ziwa | bwawa dogo lililofungwa |
| Gugu huishia | nchi kavu | nchi kavu, au majini likikatwa | majini, polepole | majini, kwa mkupuo |
| Kinachokwamisha | kuchelewa kuanza | umbali na uzito | maji taka, njia nyingine | maji ya kunywa, oksijeni |

Wapo wanaoongeza njia ya tano: kulitumia gugu kwa mboji, gesi ya samadi, vikapu na samani. Ni shughuli nzuri ya kipato, lakini isiitwe udhibiti. Tani 300 za hekta moja zikikauka hubaki tani 15 hadi 20, na mafundi wa vikapu hutaka mashina marefu yaliyonyooka tu. Isitoshe, biashara inayotegemea gugu haina haraka ya kuliona likiisha. Ukitengeneza mboji, rundo lipate joto la kutosha kuua mbegu, na gugu lililovunwa karibu na viwanda au migodi lisilishwe mifugo, kwa kuwa hufyonza metali nzito.

Ziwa Victoria lilifundisha nini

Gugu lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera umekuwa ukileta jingine bila kukoma. Fukusi waliachiwa upande wa Uganda mwaka 1995 na upande wa Kenya mwaka 1997. Mwishoni mwa 1998 ghuba ya Winam ya Kenya pekee ilikuwa na takriban hekta 17,000 za gugu. Chukua hesabu yetu ya mikono uizidishe kwa 17,000 na utaona kwa nini hakuna aliyezungumzia toroli. Kufikia 2000 ghuba hiyo ilikuwa imebakiwa na sehemu ndogo sana ya gugu lile.

Nani alilimaliza? Wataalamu wamebishana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipandisha maji, zikaleta mawimbi na siku nyingi za mawingu, na wengine wanazipa sifa zote hizo. Ninavyoona mimi, maelezo yanayoshikamana ni kwamba mimea iliyotobolewa na fukusi haikuwa na nguvu ya kuhimili mawimbi. Gugu lenye afya limewahi kupigwa na dhoruba nyingi na likaendelea.

Lakini tabaka lilipozama, fukusi wengi walizama nalo. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zikamwaga rutuba ghubani, mbegu zikaota, na gugu likarudi likiwa na wadudu wachache mno wa kulifuata. Pia mahali ambapo tabaka lilikaa muda mrefu, nyasi ndefu za majini na mafunjo yaliota juu yake na kufanya visiwa vinavyoelea. Fukusi hawali mafunjo, na kisiwa cha namna hiyo kinahitaji nguvu nyingine kabisa.

Kwa hiyo, ningechagua hivi. Mwalo wenye gugu chini ya robo hekta: mikono, watu wengi kwa mkupuo, wiki hii, na kamba ya maboya kama mdomo wa ghuba ni mwembamba. Ghuba ya mamia ya hekta: fukusi, huku mikono au mashine ikifungua njia za mitumbwi na gati tu, na tabaka lililobaki likiachwa kwa wadudu. Bwawa la umwagiliaji lililofungwa na lisilonywewa: dawa kwa theluthi, au mikono kama watu wapo. Ghuba inayopokea mfereji wa maji taka wa mji: njia yoyote utakayochagua itakuwa ya kudumu kila mwaka hadi mfereji huo ushughulikiwe, kwa hiyo weka bajeti ya miaka, si ya mradi.

Na baada ya maji kufunguka, tenga watu wawili na mtumbwi mmoja wa kuzunguka mafunjo na midomo ya mito kila wiki, hasa wiki chache za kwanza baada ya mvua kubwa, wakiopoa kila mche unaoonekana. Kwenye ghuba ya fukusi, waache matangi mawili au matatu ya kuzalishia yakiendelea hata gugu linapokuwa limekwisha ziwani, ili mbegu zitakapoota wadudu wawe tayari.